Malipo kumi yaliyoshindikana, na shilingi 150,000 zilizochelewa kurudi

Ijumaa moja tuliwalipa wakulima wa kahawa 212 wa Mbale, Uganda, kwa simu, shilingi 150,000 kila mmoja, jumla 31,800,000. Ripoti ilirudi na majibu ya namna tatu: `SUCCESSFUL` 199, `FAILED` 9, `PENDING` 4.

Kijana wa ofisini alitaka kuwatumia upya wote 13 papo hapo, maana wakulima walikuwa wanapiga simu. Nikamzuia. `FAILED` ni jibu la mwisho, lakini `PENDING` maana yake mfumo bado haujaamua. Hali ya wale wanne tuliiuliza upya kwenye mfumo kwa namba ileile ya rejea ya muamala. Kesho yake watatu walikuwa wamelipwa na mmoja ameshindikana. Tungewatumia tena, shilingi 450,000 zingelipwa mara mbili, na kumdai mkulima aliyekwisha kutoa pesa kwa wakala azirudishe ni kesi nyingine kabisa.

Basi walioshindikana wakawa 10, yaani shilingi 1,500,000 zilizopaswa kuwa kwenye pochi ya biashara, akaunti tunayolipia wakulima. Hapa watu wengi huamini neno `FAILED` na kufunga hesabu. Mimi huanza na salio. Kabla ya malipo pochi ilikuwa na 33,000,000. Ukitoa malipo 202 yaliyofaulu, 30,300,000, pamoja na ada yetu ya shilingi 400 kwa kila moja, 80,800, lazima zibaki 2,619,200. Pochi ilionyesha 2,469,200. Pengo ni 150,000 kamili, bila ada ndani yake, kwa hiyo nikajua ni malipo ya mtu mmoja.

Nilipakua taarifa ya pochi na kuilinganisha na ripoti kwa namba ya rejea. Sitegemei jina wala namba ya simu, maana mtu mmoja anaweza kuonekana mara mbili. Malipo yaliyoshindikana hayaachi alama moja siku zote: mengine hukataliwa kabla pesa haijatoka, mengine hutoka kisha hurudishwa, nawe utaona mistari miwili, wa kutoa na wa kurejesha. Rejea moja ilikuwa na mstari wa kutoa tu. Niliituma kwa kampuni ya simu pamoja na tarehe na kiasi, wakarejesha Jumatano.

Kwenye daftari, pesa iliyorudi si mapato. Inarudi kuwa deni tunalodaiwa na mkulima yuleyule, na deni hilo halifutiki mpaka alipwe.

Sababu za kushindikana? Namba tano zilikuwa zimeharibiwa na ekseli, zikasomeka `2.56772E+11`, tarakimu za mwisho zimepotea. Tatu hazikuwa na akaunti ya pesa za simu. Mbili zilikuwa zimefungiwa kupokea. Tulizirekebisha kwa kuwapigia wenyewe, tukatengeneza faili jipya la watu 10 tu, kila mmoja na rejea mpya. Safu ya namba sasa tunaiweka kama maandishi kabla ya kubandika chochote.