Bismillahi ya kupanda, Alhamdulillahi ya kushuka: kumfundisha mzazi kadi ya nauli

Mama yangu ana miaka sabini na mbili na maisha yake yote amelipa nauli kwa mkono. Huku kwetu Lamu ukivuka kwenda Mokowe unaingia mashuani, unakaa, na pesa unampa mwenye chombo. Yeye anakujua unakokwenda, na ukisahau kulipa atakuita kwa jina. Mwaka huu dada yangu anayeishi Deira, Dubai, alimwita Mama akakae naye miezi miwili. Dada yuko kazini mchana kutwa, kwa hiyo Mama alitakiwa aweze kupanda metro na basi peke yake, kwa kadi ya nol, ile kadi ya nauli inayotumika huko Dubai. Mimi nimefanya kazi ya ufundi wa mageti ya kadi hukohuko kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na nimeona wazee wengi wakisimama mbele ya geti lililofungwa, kadi mkononi, nyuma yao foleni ya watu wenye haraka. Sikutaka Mama awe mmoja wao. Tulifanya mazoezi wiki moja hapa nyumbani, na haya ndiyo niliyomfundisha.

Nilianza na swali lake mwenyewe: "Mwanangu, hii kadi haina betri, inazungumzaje na mlango?"

Nilimwonyesha kadi dhidi ya mwanga wa dirisha. Ndani ya plastiki kuna chipu ndogo kama punje ya mchele, na kutoka kwenye chipu hiyo kuna waya mwembamba sana unaozunguka karibu na kingo za kadi, mizunguko kadhaa. Waya huo ndio antena. Mashine ya getini muda wote inatoa nguvu ya sumaku mbele ya uso wake, na kadi ikiingia ndani ya nguvu hiyo, waya unazalisha umeme kidogo unaotosha kuiamsha chipu. Kadi ikiwa mbali imelala. Ikisogea sentimita tatu au nne inaamka, inajibu, inaandikiwa salio jipya, kisha ukiiondoa inalala tena.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu karibu makosa yote ya mtu mpya yanatoka hapa. Kadi inahitaji muda wa kuamka, kusomwa na kuandikwa. Muda huo ni mfupi, hata nusu sekunde haufiki, lakini mzee mwenye wasiwasi hugusisha na kunyakua mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Kadi ikiondolewa katikati ya kuandikwa, shughuli inakatika njiani. Mashine inawasha taa nyekundu na mzee anadhani kadi imekufa, anakwenda kujaribu geti jingine. Dawa yake ni kubaki palepale, kurudisha kadi kwenye mashine ileile, na safari hii kuilaza na kutulia. Mashine iliyoanza kuandika ndiyo inayojua ilikatizwa wapi.

Kutulia kwa muda gani? Kumwambia Mama "nusu sekunde" hakukumsaidia. Yeye tangu utotoni hapandi chombo bila kusema Bismillahi, na neno hilo likisemwa taratibu, bila kuburuzwa, linachukua karibu sekunde moja. Basi nikamwambia: laza kadi, sema Bismillahi mpaka mwisho, ndipo uinue mkono. Tulitumia kadi yake ya benki na kitabu kilichofungwa mezani kuwa ndiyo mashine. Siku ya kwanza alikuwa akipapasa tu. Siku ya tatu kadi ililala kitabuni kama sarafu iliyowekwa, bapa, bila kutikisika. Bapa ni muhimu pia, kwa sababu kadi ikisimamishwa wima mbele ya mashine, nguvu ile inapita pembeni ya mizunguko ya waya badala ya kupita katikati yake.

Jambo lililonipa kazi zaidi ni la pili: kugusisha wakati wa kushuka.

Kwa mtu wa Lamu hili halina mantiki mara moja. Nimeshalipa, nilipe tena kwa nini? Ilibidi nimweleze kwamba anapopanda, kadi bado haijalipa nauli kamili, kwa sababu mashine haijui anakokwenda. Mwenye mashua anamwuliza abiria, lakini mashine haiulizi. Inaandika tu ndani ya kadi: mtu huyu ameingia hapa, saa hii. Dubai imegawanywa katika kanda saba, na nauli inategemea kanda ulizopita. Kwa kadi ya kawaida, ile inayoitwa Silver, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, na zaidi ya hapo ni 7.50. Mashine itajua ni ipi kati ya hizo pale tu utakapogusisha kadi ukitoka.

Kwenye metro kusahau ni vigumu, kwani geti la kutokea limefungwa na halifunguki bila kadi. Hatari iko kwenye basi. Mlango wa basi uko wazi, mashine imefungwa tu pembeni ya mlango, dereva hakuulizi kitu, na mzee ameshika mfuko wa sokoni mkono mmoja na chuma cha basi mkono wa pili. Anashuka. Mfumo unaona mtu aliyepanda asiyeshuka, na unamkata nauli ya juu kabisa.

Hivi ndivyo ilivyomtokea Mama, na nitaipitia hesabu yake yote kwa sababu ndiyo funzo lenyewe. Dada alimnunulia kadi kwa dirhamu 25. Kati ya hizo 6 ni bei ya kadi na 19 ni salio. Siku ya kwanza walipanda pamoja metro kutoka Al Rigga, kanda ya 5, mpaka BurJuman, kanda ya 6. Ni vituo viwili tu, treni ikipita chini ya khori, lakini kanda ni mbili, kwa hiyo dirhamu 5. Salio likabaki 14. Jioni walirudi, 5 nyingine, likabaki 9. Siku ya pili Mama alipanda basi peke yake hapohapo Deira, safari ya dirhamu 3. Aligusisha kupanda vizuri. Kushuka alisahau. Akakatwa 7.50 na kadi ikabaki na 1.50.

Yeye hakujua. Asubuhi iliyofuata alikwenda Al Rigga, akalaza kadi, akasema Bismillahi yake yote, na geti likawasha nyekundu. Akanipigia simu hapa Lamu: "Yeo kadi imekataa. Nimefanya ulivyonambia."

Nilimwomba anisomee tarakimu zilizokuwa kwenye kioo cha mashine. Mato yake si mazuri kwa maandishi madogo, lakini tarakimu aliziona: 1.50. Hapo nikajua. Kadi ilikuwa hai na mkono wake haukukosea. Geti la metro halimruhusu mtu kuingia akiwa na chini ya dirhamu 7.50, hata kama anakwenda kituo cha pili tu, kwa sababu ileile kwamba halijui atashukia wapi, na linataka kuwa na hakika kwamba nauli ya mbali kabisa imo ndani. Alikwenda kwenye mashine ya kuongeza salio, kijana mmoja akamsaidia, akatia noti ya dirhamu 20. Salio likawa 21.50 na geti likafunguka.

Ukimfundisha mzazi wako, mpe namba hii moja aikumbuke: saba na nusu. Ikionekana chini ya hapo, aongeze salio kabla ya kufika getini. Mama tulimwekea mpaka wa kumi, ili asifanye hesabu za nusu.

Na kwa kushuka, tulitumia njia ileile ya kupanda. Bismillahi ya kupanda, Alhamdulillahi ya kushuka. Anapoinuka kitini anaitoa kadi kabla basi halijasimama, anaishika mkono wa kulia, mfuko unahamia kushoto. Akifika mlangoni analaza kadi na kusema Alhamdulillahi. Amefika salama, kwa hiyo neno liko mahali pake, na mdomo ukiwa umezoea kulisema, mkono unafuata. Tangu siku ile hajasahau.

Mkono wa kulia nimeutaja kwa makusudi. Kwenye mageti ya metro mashine yako iko upande wako wa kulia. Mtu anayetumia kushoto hugusisha mashine ya jirani, na geti linalofunguka ni la jirani. Yeye anabaki amesimama mbele ya lililofungwa na kadi imeshaandikwa kwamba ameingia. Nimeitwa mara nyingi kutazama geti "bovu" ambalo halikuwa na ubovu wowote.

Kuhusu kuitunza kadi. Mama alitaka kuifunga kwenye pindo la leso, kama anavyofunga pesa. Nilimwambia ni sawa kabisa. Nguo haizuii kitu, hata buibui juu ya leso. Kinachozuia ni chuma: sarafu nyingi zilizobanana nayo, au ile karatasi ya bati inayofungia vidonge vya dawa. Pia asiiweke pamoja na kadi ya benki akagusisha zote mbili, maana zote zitaamka kwa wakati mmoja na mashine inaweza kuzikataa zote.

Ila asiitoboe. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuletewa kadi na mzee mmoja aliyeitoboa tundu dogo kwenye kona ili aitie uzi aivae shingoni. Alikuwa ameongeza salio siku ileile. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya choroko, lakini lilipita juu ya waya wa antena, na waya ukikatika popote, mzunguko wote umekufa. Chipu ilikuwa nzima na pesa zake zilikuwa zimeandikwa ndani, lakini haikuwa na njia ya kuamka. Nilimtazama akiigeuzageuza mkononi na sikuwa na la kumfanyia. Kwa anayetaka kuivaa shingoni kuna vifuko vya plastiki vyenye kamba, na kadi inasomeka vizuri ikiwa ndani ya kifuko. Kukunja nako ni vilevile: kadi iliyokaliwa mara kwa mara ndani ya mfuko wa nyuma hupata ufa, na ufa hukata waya.

Behewa la wanawake na watoto lina alama ya waridi, na kadi ya Silver inatosha kuingia. Hilo Mama alilielewa kabla sijamaliza kusema.

Amerudi mwezi uliopita. Kadi ameileta, iko ndani ya kasha lake pamoja na pasipoti, na haijaisha. Kadi hii hudumu miaka mitano tangu itolewe, na salio lake la mwisho ameliandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi alichokibandika juu ya kifuko: 11.50.