Sauti inayomwongoza mwanafunzi kwenye skrini: je, ni simulizi?

Msimu wa korosho unapokaribia, hapa Mtwara mimi huanza kuletewa miswada ya kurekodi sauti za mafunzo ya makarani wa vyama vya msingi, yale mafunzo ya mtandaoni ambayo karani huyapitia peke yake kwenye kompyuta, akibonyeza skrini moja baada ya nyingine. Karibu kila mswada huja na kichwa kimoja: "Simulizi." Nimelikuta neno hilo mara nyingi kiasi cha kuamua kuandika, kwa sababu kosa haliishii kwenye kichwa cha habari, linashuka hadi kwenye sentensi zenyewe na kumpotosha karani.

Kwa ufupi, kinachozungumziwa ni sauti iliyorekodiwa na kufungamanishwa na kila skrini ya somo, ili imweleze mwanafunzi anachokiona na kumwambia afanye nini kabla ya kusonga mbele. Maana yake ndiyo hiyo, wala haina ugumu. Ugumu uko kwenye jina.

Kusimulia, kwa Kiswahili tunachokizungumza, ni kueleza jambo lililokwisha kutokea au linalowatokea wengine, na msikilizaji kazi yake ni kukaa na kusikia. Ndiyo maana simulizi huenda vizuri na kiambishi cha -ka-: akafika, akapima, akaandika. Kueleza ni kitu kingine. Neno hilo linatokana na kuelea, na kueleza jambo ni kulifanya lielee, lipande juu ya maji lionekane. Tunaposema somo limetuelea, au tunaposema tumeelewa, tunatumia mzizi uleule. Kuelekeza nako hutoka kwenye kuelekea, yaani kugeuza uso upande fulani, kama nahodha anavyoelekeza omo kwenye mlango wa bandari. Anayeelekezwa hakai kusikiliza tu, kwa maana asipogeuka pale anapotakiwa kugeuka, maelekezo hayo yamepotea bure.

Tofauti hii ina mahali pake hasa katika mafunzo ya kutumia programu. Kwa kawaida somo la namna hiyo hupitia hatua tatu. Kwanza kuna onyesho, ambapo kishale kinatembea chenyewe na mwanafunzi anatazama. Kisha kuna zoezi, ambapo anabonyeza yeye mwenyewe huku akiongozwa. Mwisho kuna kipimo, ambapo anaachwa bila msaada. Programu ya Captivate, kwa mfano, inaweza kurekodi kazi mara moja na kutoa aina zote tatu. Katika onyesho, simulizi inafaa kabisa: "Karani anafungua orodha ya wakulima, kisha anachagua jina." Katika zoezi sentensi hiyohiyo inamwacha mwanafunzi akingoja huyo karani afungue orodha, naye karani ni yeye. Katika kipimo, sauti inatakiwa kunyamaza.

Mwaka jana niliketi nyuma ya karani mmoja kijijini Tandahimba alipokuwa akijaribu zoezi la kuingiza uzito wa gunia. Ofisi iliyoandaa somo hilo siitaji. Sauti ilikuwa yangu, kwa hiyo lawama nyingine naibeba mwenyewe. Katika zoezi, picha ya mizani ilionyesha kilo 82.5, naye aliandika 825, akasahau nukta. Sauti ikaanza: "Bonyeza Hifadhi baada ya kuhakikisha kuwa uzito ulioandikwa unalingana na uzito wa mizani, na kwamba daraja la korosho limechaguliwa." Kidole chake kilibonyeza kwenye neno la pili. Skrini ikabadilika, sauti ikakatika kwenye "baada ya," na onyo lote la kuhakikisha halikumfikia. Aligeuka akaniuliza, "Kaka, mbona imekatika?" Imekatika kwa sababu nilimwambia abonyeze, naye akatii.

Katika simulizi, kitenzi kinaweza kukaa popote bila madhara. Katika maelekezo ya kwenye skrini, kitenzi cha kubonyeza ni kama kengele, na kila kitakachosemwa baada yake kihesabiwe kuwa kimepotea. Mpangilio unaofaa ni kutaja kwanza mahali pa kutazama, kisha sharti la kutimizwa, halafu kitendo, na baada ya kitendo kunyamaza. Sentensi ile niliiandika upya hivi: "Tazama kisanduku cha uzito. Mizani inasoma kilo themanini na mbili nukta tano; linganisha na ulichoandika. Chini yake, hakikisha daraja limechaguliwa. Vyote vikiwa sawa, chini upande wa kulia, bonyeza Hifadhi." Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini hakuna pa kuikata kabla ya wakati wake. Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kukifunga kitufe mpaka sauti iishe; mimi sipendi, kwa kuwa karani anayerudia somo kwa mara ya pili analazimika kusikiliza yote anayoyajua ili tu kitufe kifunguke.

Jina la kitufe nalo lisomwe kama lilivyoandikwa. Kama mfumo halisi umeandikwa `Save`, sauti iseme "seivu," hata kama sikio la mhariri linaumia, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta neno "Hifadhi" kwenye skrini isiyokuwa nalo ataamini kwamba yuko mahali pasipo.

Kosa la mwisho linalozaliwa na neno simulizi ni kusoma kwa sauti aya ileile iliyoandikwa kwenye skrini. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba picha ikiambatana na sauti peke yake, watu hujifunza vizuri kuliko ikiambatana na sauti pamoja na maandishi yaleyale, kwa sababu macho yanagawanyika kati ya picha na aya. Hili lina mipaka yake. Asiyesikia anayahitaji maandishi hayo, na aliye ghalani penye kelele pia. Basi yawekwe kama manukuu ya kuwasha na kuzima, si kubandikwa juu ya picha kwa kila mtu. Mwenye mazoea ya kusoma upesi humaliza aya kabla ya msomaji wa sauti kufika katikati, akabonyeza mbele, na hapo tunarudi kwenye sauti iliyokatika.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniletea mswada wa skrini 12 wiki iliyopita, sikuukataa. Skrini nne za mwanzo ni onyesho, na kichwa chako cha "Simulizi" kibaki hapo kwa haki yake. Kuanzia ya tano hadi ya tisa, ambapo karani anafanya mwenyewe, naomba uandike "Maelekezo ya sauti," ubadilishe "karani anabonyeza" kuwa "bonyeza," na ulisogeze neno hilo hadi mwisho wa kila aya. Tatu zilizobaki ni kipimo, nazo hazihitaji sauti yangu. Ukimaliza nitumie mapema, maana hurekodi alfajiri kabla bajaji hazijaanza kupita dirishani.