Hiyo si harara: vipele vya jua la kwanza

Kila kaskazi inapoanza kuvuma hapa Malindi na jamaa zetu waishio Ulaya wakaanza kurudi kututembelea, nalisikia neno harara likitumiwa pasipo pake, kwa vipele vinavyoletwa na jua, na mwaka huu nimeona niandike.

Ugonjwa ninaoukusudia madaktari huuita polimofiki laiti irapsheni, yaani vipele vya mwanga vya maumbo mengi. Ni vipele vinavyowasha, ambavyo humtoka mtu saa kadhaa baada ya kupigwa na jua kali kwa mara ya kwanza tangu alikose kwa miezi, vikakaa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, kisha vikaondoka bila kuacha kovu. Haviambukizi. Inavyofahamika, miali ya urujuanimno hubadilisha kitu fulani ngozini, na kinga ya mwili ikakishambulia kitu hicho kana kwamba ni kigeni.

Sasa harara. Neno hili limetoka katika Kiarabu na maana yake ni joto, ndiyo maana hata mtu mwepesi wa hasira tunasema ana harara. Harara ya ngozi ni mtoto wa joto kwelikweli: vijitundu vya jasho huziba, jasho likanaswa chini ya ngozi, na vipele vikatokea pale panapofunikwa na kulowa, kama vile shingoni, kiunoni, kwapani na mgongoni chini ya nguo. Mtoto mchanga aliyevikwa nguo nzito huipata usiku wa manane, chumbani, bila kuliona jua. Vile vipele vingine havina haja ya joto wala jasho. Vyenyewe hufuata mwanga. Hata kioo cha dirisha la gari hakitoshi kuvizuia, kwa kuwa sehemu kubwa ya miali inayovileta hupenya kioo.

Wifi yangu anayeishi Uswidi alifika mwezi wa Desemba, na siku ya pili tu tukapanda mashua kwenda kutazama matumbawe, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Baharini palikuwa na upepo mzuri na hakuna aliyetokwa na jasho la kusema. Kufika magharibi akaanza kujikuna. Mavyaa akamwambia, "Mwanangu, hiyo harara tu, jipake poda," na jirani akawalaumu kamba tuliokula mchana. Mimi nikamshika mkono nikautazama karibu na taa. Vipele vidogo kama punje za ufuta vilikuwa vimejaa upande wa nje wa mkono, kuanzia pale mkono wa dera ulipoishia, na kifuani vilifuata mkato wa shingo ya dera kama vilivyochorwa kwa rula. Chini ya ukanda wa saa ngozi ilikuwa laini. Kwapani na kiunoni, makao ya harara, hapakuwa na hata kimoja, na kama ni kamba, sijui wangewezaje kuuheshimu ukanda wa saa. Uso na migongo ya viganja pia vilisalimika, kwa sababu hivyo huliona jua mwaka mzima, hata lile dhaifu la Uswidi, na ngozi yake imekwisha kulizoea. Poda haikumsaidia kitu; alipata nafuu kwa kukaa kivulini na kupaka krimu ya steroidi aliyopewa na daktari, na siku ya sita ngozi ilikuwa safi. Katikati ya Januari alikuwa akishinda ufukweni bila taabu.

Hata wanaolijua jina la kidaktari huteleza kwenye hayo maumbo mengi. Jina hilo, lililotolewa na Mdenmaki Carl Rasch mwaka 1900, huwafanya wadhani kwamba vipele vya mtu mmoja hugeuka sura kila mara. Maumbo hayo hutofautiana baina ya watu: huyu hutokwa na vipele vidogo vidogo, yule na mabaka yaliyovimba, mwingine na malengelenge, lakini kila mmoja, kwa kawaida, hurudiwa na umbo lake lile lile. Wifi yangu aliporudi mwaka uliofuata, punje zilikuwa zile zile za ufuta. Kwa hiyo mtu ambaye vipele vyake vimebadilika, au havipoi baada ya wiki kadhaa kivulini, au vimemkaa usoni huku viungo vikimuuma, asijitulize kwa jina hili bali amwone daktari. Na aliyevimba dakika chache tu baada ya kuingia juani, kisha akapoa baada ya saa chache, huyo ana tatizo jingine la jua.

Basi mgeni wenu akianza kujikuna jioni ya siku yake ya kwanza ufukweni, kabla ya kumletea poda, mvueni saa mtazame chini ya ukanda.