Madirisha matano kwenye ukuta wa mita 12

Wateja wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanza na ramani waliyochorewa mtaani wana lalamiko moja: vyumba vinatosha, lakini sura ya nyumba haijakaa vizuri. Wengi hudhani dawa yake ni urembo, yaani nguzo za plasta, mawe ya kubandika au rangi mbili. Mimi huanza na madirisha, na zaidi ya madirisha yenyewe, huangalia ukuta unaobaki kati ya dirisha na dirisha.

Chukua nyumba ya ghorofa moja, maduka chini na makazi juu, kama zinazojengwa kila siku Buzuruga na Nyakato. Upande wa barabarani una mita 12. Kwenye ramani ya kwanza, ghorofani kuna dirisha pana la sebule, mawili ya vyumba yenye upana tofauti, na kidirisha cha choo kilichoachwa juu peke yake. Kila dirisha limefuata chumba chake, hakuna lililomwangalia mwenzake. Jicho la mpita njia linahama kutoka moja hadi jingine bila kupata pa kushika.

Naanza na uwiano. Nachagua dirisha moja tu: upana mita 1, kimo mita 1.5, yaani mbili kwa tatu. Nikiligawa vioo vinne, kila kioo kinakuwa sentimita 50 kwa 75, ambayo ni mbili kwa tatu vilevile. Kuhakiki ni rahisi: chora mstari kutoka kona hadi kona ya dirisha, kisha mwingine kwenye kioo kimoja kwa mwelekeo huohuo. Mistari ikilala sambamba, maumbo hayo ni ndugu, hata kama moja ni kubwa na jingine dogo. Choo nakihamishia ukuta wa ubavuni, au dirisha lake nalipa upana uleule na kulifupisha kutoka chini, ili juu yote yaishie kwenye mstari mmoja wa lenta.

Sasa mdundo. Dirisha pana la sebule nikiligawa kuwa madirisha ya kipimo hicho, ghorofani yanakuwa matano. Yanachukua mita 5, zinabaki 7 za ukuta. Kishawishi ni kuzigawa sawasawa mara sita. Usifanye hivyo. Kona inahitaji ukuta mpana kuliko wa katikati, la sivyo nyumba inaonekana kama imekatwa pembeni. Naacha mita 1.5 kila kona, na zile 4 zilizobaki zinaingia mita mojamoja kati ya madirisha. Basi unasoma: ukuta, dirisha, ukuta, dirisha, vyote mita moja, na kona inayolingana na kimo cha dirisha. Wagiriki walilijua jambo la kona: kwenye hekalu la Parthenoni kule Athene, nguzo za kona zimenenepeshwa kidogo na kusogezwa karibu na jirani zake.

Hekalu hilohilo lina nguzo 8 mbele, kwa hiyo nafasi ni 7, na ya katikati iko wazi. Hapo ndipo ulinganifu unapoanzia. Idadi ya matundu ikiwa witiri, katikati kuna tundu, na mlango unapata mahali pake. Ungeweka madirisha manne, katikati pangeangukia ukuta. Kwetu mlango wa ngazi, mita 1, unakaa chini ya dirisha la tatu. Kila duka linapata tundu la mita 3, kuanzia ukingo wa nje wa dirisha moja hadi ukingo wa mwisho wa jirani yake. Chini na juu vinashikana bila urembo wowote.

Kuna viwanja ambavyo ngazi haiwezi kukaa katikati, hasa kwenye milima yetu ambako jiwe limeshachukua upande mmoja. Hapo achana na ulinganifu, usibandike mlango wa uongo upande wa pili. Peleka mlango pembeni na uache madirisha ya juu yaendelee na mdundo wao. Kiwanja kikiteremka, msingi utakuwa mrefu upande wa chini. Mstari wa sakafu ya ghorofa ukinyooka na kuonekana wazi, jicho litauhesabu huo na kuusamehe msingi.

Yote haya huharibikia saiti. Fundi akipima kila dirisha kutoka lililotangulia, kosa la sentimita 2 kila mara linakuwa sentimita 10 kwenye dirisha la tano, na kona ya mwisho inakonda. Mimi huandika vipimo vyote kutoka kona moja: 1.5, 2.5, 3.5, 4.5, hadi 10.5. Futi kamba inafungwa hapo na haihami. Pia lipu inakula tundu kila upande, kwa hiyo tundu la tofali liachwe pana kidogo kuliko dirisha, na upana huo wa ziada ugawanywe kushoto na kulia kwa usawa.

Aliyekwisha kujenga asimame ng'ambo ya barabara, apige picha ya nyumba kutoka katikati yake, kisha apime kwa rula kuta kati ya madirisha kwenye picha hiyo. Zikitofautiana bila sababu, tatizo liko hapo, na mara nyingi kuziba kidirisha kimoja tu au kusogeza kingo yake kunagharimu kidogo kuliko nguzo mbili za plasta.