Umri wa maji ya kisima: tritiamu husema nini, na hunyamazia nini

Mara nyingi tunaletewa majibu ya maabara yenye tarakimu moja tu, na anayeyaleta anauliza, "Basi maji haya yana miaka mingapi?" Tarakimu moja haitoshi. Tufuate mfano wa kisima kirefu cha kubuni tuone kwa nini.

Tritiamu ni hidrojeni nzito yenye mnururisho. Huzaliwa juu angani, pale nutroni zitokanazo na miali ya kosmiki zinapogonga naitrojeni, kisha huingia ndani ya molekuli ya maji na kushuka na mvua. Haiyeyuki ndani ya maji kama chumvi. Ni sehemu ya maji yenyewe, ndiyo maana husafiri nayo bila kunaswa na udongo. Hupimwa kwa TU: TU moja ni atomu moja ya tritiamu kati ya atomu 1,000,000,000,000,000,000 za hidrojeni. Nusumaisha yake ni miaka 12.32, yaani kila muda huo ukipita nusu ya kiasi kilichokuwapo huwa imegeuka heliamu-3.

Maji yakishazama ardhini hayapati tena tritiamu mpya, na iliyomo hupungua kwa kanuni hii, C0 ikiwa kiasi cha mwanzo na t miaka iliyopita:

```
C = C0 × e^(−0.0563 × t)
```

Sampuli ya kisima chetu ilichotwa mwaka 2023, ikakaa kwenye chupa miezi 14 kabla ya kupimwa. Maabara ikapata TU 1.60. Lakini tritiamu iliendelea kuoza ndani ya chupa pia, kwa hiyo tunarudisha hesabu hadi siku ya kuchota: 1.60 mara 1.068, sawa na 1.71. Hatua hii ndogo husahaulika mno. Ripoti isiyoonyesha tarehe zote mbili, ya kuchota na ya kupima, irudishwe maabara.

Sasa tuseme mvua ya eneo hilo siku hizi ina TU 3. Tukiigeuza kanuni ile ili kupata t, umri ni 17.77 × ln(3/1.71), yaani miaka 10. Kosa la kipimo likiwa TU 0.2, jibu linacheza kati ya miaka 8 na 12 hivi. Hadi hapo mtu angeridhika.

Tatizo ni kwamba mvua haikuwa na TU 3 siku zote. Majaribio ya mabomu ya hidrojeni ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalimwaga tritiamu nyingi angani, na mwaka 1963 mvua ya kaskazini mwa dunia ilifikia maelfu ya TU. Kusini mwa ikweta kiasi kilikuwa kidogo zaidi. Tuseme mvua ya kisima chetu mwaka huo ilikuwa na TU 50. Ikioza miaka 60, inabaki TU 1.7. Jibu lilelile!

Na kuna uwezekano wa tatu. Pampu ikivuta asilimia 57 ya maji mapya ya mvua na asilimia 43 ya maji ya kale yasiyo na tritiamu kabisa, mchanganyiko huo nao hutoa TU 1.71. Kwa maoni yangu hali hii ndiyo ya kushuku kwanza kwenye visima vyenye vichujio virefu, kwa sababu huvuta maji ya tabaka kadhaa kwa pamoja.

Kutenganisha hadithi hizi tatu tunapima heliamu-3 iliyozaliwa na tritiamu hiyo, nayo ikiandikwa kwa TU:

```
t = 17.77 × ln(1 + heliamu-3 / tritiamu)
```

Maji ya miaka 10 yatakuwa na heliamu-3 kama TU 1.3. Yale ya mwaka 1963 yatakuwa na zaidi ya 48. Mchanganyiko wa maji mapya kabisa na ya kale utakuwa karibu na sifuri, mradi maji ya kale hayakubaki na heliamu-3 iliyozaliwa na tritiamu yake ya zamani. Hapa hatuhitaji hata kujua mvua ilikuwaje. Mzazi na mtoto wako pamoja kwenye sampuli.

Kipimo hiki kina masharti yake. Gesi hutoroka kirahisi, kwa hiyo maji huchukuliwa kwenye bomba la shaba lililobanwa ncha zote mbili, bila kiputo hata kimoja. Heliamu-3 ya hewa na ya miamba lazima iondolewe kwenye hesabu, na neoni hutumika kukadiria ile ya hewa. Tena saa hii huanza kuhesabu maji yanapofika usawa wa maji ya ardhini, kwani juu ya hapo heliamu hupotelea hewani. Kama tabaka la udongo mkavu la juu ni nene, miaka ambayo maji hutumia kulipita haimo.

Kisima chetu kikionekana ni mchanganyiko, ile asilimia 43 tritiamu haiwezi kuipa umri. Mvua ya mwaka 1950 yenye TU 3 ingebakiwa na 0.05 tu mwaka 2023, chini ya kile ambacho vifaa vingi huweza kuona, na maji ya miaka elfu tano yangeonekana vilevile. Hapo hupimwa kaboni-14.