Tangazo la kulipia la sekunde 15: dhana potofu na ukweli kuhusu skripti yake

Tangazo la sekunde 15 huonekana jepesi kuandika kuliko matangazo yote, kwa kuwa maneno yake ni machache. Dhana nyingi potofu kulihusu huanzia hapo, na hujulikana kwa urahisi zaidi mtu anapoichukua skripti moja na kuihesabu. Mfano utakaotumika hapa ni wa kubuni: huduma ya kutengeneza cherehani, ambayo mmiliki wake angependa kuitangaza kwa mafundi wanaoshona sare za shule.

Dhana: Muda ukiwa mfupi, msomaji aongeze kasi ili kila kitu kiingie.

Ukweli ni kwamba muda wa tangazo una ujazo wake, na ujazo huo hupimika. Kwa Kiswahili, kipimo kinachofaa zaidi ni silabi, kwa sababu neno letu moja linaweza kubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, hivyo maneno 20 ya mtu mmoja yanaweza kuwa marefu mara mbili ya maneno 20 ya mwingine. Sauti ya kutangaza inayosikika vizuri, yenye pumzi na mkazo, husoma takriban silabi 5 kwa sekunde. Sekunde 15 basi hubeba silabi 75, na ukiacha zaidi kidogo ya sekunde moja kwa ajili ya vituo, unabaki na silabi kama 70 za kutumia.

Tazama rasimu ya kwanza ambayo wengi wangeiandika:

*“Karibuni kwenye kampuni yetu yenye uzoefu mkubwa. Tunauza cherehani mpya na zilizotumika, vipuri vya kila aina, tunatoa mafunzo na kutengeneza cherehani kwa bei nafuu. Tupigie simu, tembelea ukurasa wetu au fika ofisini. Wahi sasa, ofa ni ya muda mfupi!”*

Rasimu hii ina silabi zaidi ya 100, ambazo kwa kasi ya kawaida zinahitaji sekunde 21. Ikisomwa mbiombio itaingia ndani ya 15, lakini msikilizaji ametajiwa vitu vitano vinavyouzwa na njia tatu za kuwasiliana, na hakuna hata kimoja kilichopewa nafasi ya kumkaa akilini. Mtu mwenye cherehani mbovu na mtu anayetaka kujifunza kushona wameambiwa maneno yale yale, ilhali haja zao hazifanani.

Dhana: Tangazo lianze kwa jina la biashara ili watu walijue.

Jina lina mahali pake, ila mwanzo ni wa mtazamaji. Kwenye YouTube, tangazo linaloweza kurukwa huonyesha kitufe cha kuruka baada ya sekunde 5; kwenye mitandao ya kupitisha kwa kidole, mtu hahitaji hata kusubiri kitufe. Ndani ya muda huo mfupi mlengwa anapaswa kujitambua, na njia ya karibu zaidi ya kumfanya ajitambue ni kuitaja shida anayoiona mezani pake. Jina linaweza kukaa kwenye kona ya skrini tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, bila kutumia silabi hata moja.

Kwa mfano wetu, skripti iliyopunguzwa ingekuwa hivi:

*“Fundi, cherehani yako inakata uzi kila mara? Tunairekebisha hapo hapo unaposhonea. Tunatengeneza nane tu kwa siku, na msimu wa sare umekaribia. Bonyeza uchague siku.”*

Sentensi ya kwanza ina silabi 18, yaani humalizika kabla ya sekunde ya 4. Ya pili, iliyobeba ofa, ina silabi 17. Ya tatu, yenye sababu ya kuchukua hatua, ina 25, na wito wa mwisho una 9. Jumla ni silabi 69, ambazo husomeka kwa sekunde zisizofika 14. Vipuri, mafunzo na cherehani mpya vimeachwa vyote. Hilo huwauma wenye biashara, na ni haki yao kuumia, lakini kila kimojawapo kinastahili tangazo lake chenyewe, lenye walengwa wake.

Picha nazo zifuate mpangilio huo huo: uzi ukikatika chini ya sindano, fundi akifungua cherehani kwenye meza ya mteja, kisha mshono ulionyooka. Kwa kuwa watazamaji wengi wa simu huwa wamezima sauti, maneno manne au matano ya kila sentensi yaandikwe kwenye skrini kwa herufi kubwa.

Dhana: Kuchagua walengwa ni kazi ya mfumo wa matangazo, kwa hiyo skripti iseme na kila mtu.

Mfumo huchagua nani aonyeshwe tangazo; hauwezi kumwambia aliyeonyeshwa kwamba linamhusu yeye. Zaidi ya hayo, mifumo hii hujifunza kutokana na wanaobonyeza. Skripti ya jumla ikivutia watu wanaotaka tu kujua bei ya cherehani mpya, mfumo utaendelea kuwatafuta wa aina hiyo, na fedha zitaishia kwa watu wasio na cherehani ya kutengenezwa. Neno “fundi” mwanzoni mwa skripti yetu linafanya kazi mbili: linamwita anayehitajika na kumruhusu asiyehusika apite zake.

Dhana: Sababu ya kuchukua hatua ni kusema “wahi, ofa inaisha”.

Hapa ndipo pananiudhi zaidi, kwa sababu haraka ya uongo humdhulumu anayeamini. Sababu halisi hutoka ndani ya kazi yenyewe. Katika mfano wetu, mafundi wawili wa huduma hiyo wakiweza kutengeneza cherehani nne kila mmoja kwa siku, nane ndiyo idadi ya kweli, na msimu wa sare huja iwe tangazo limetoka au halikutoka. Mteja anaweza kuyapima yote mawili kwa akili yake. Kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili kumnyima mnunuzi nafasi ya kufikiri kumo katika orodha ya mienendo iliyopigwa marufuku kabisa na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki. Ikiwa biashara haina kikomo chochote cha kweli, sababu inaweza kuwa hasara ya kuchelewa, kwa mfano kitambaa kinachoharibika kila uzi unapokatika.

Dhana: Tangazo likishindwa, liandikwe upya lote.

Takwimu za tangazo kwa kawaida huonyesha mahali pa kosa. Watu wengi wakiondoka kabla ya sekunde ya 4, badilisha sentensi ya kwanza peke yake. Wakitazama hadi mwisho bila kubonyeza, ofa au sababu ndiyo dhaifu, na moja kati ya hizo mbili ijaribiwe kwanza huku nyingine ikibaki kama ilivyo. Wakibonyeza kisha wasichague siku, skripti imemaliza kazi yake, na ukurasa wanaofikia ndio wa kukaguliwa: mara nyingi unawapokea kwa orodha ya huduma zote, wakati tangazo liliwaahidi kalenda ya kuchagua siku ya kutengenezewa cherehani.