Je, wajua jedwali la mapato kwa nchi linahesabu nini hasa?

"Kampuni ina makao makuu nchi moja lakini inauza dunia nzima. Nikifungua ripoti yake ya mwaka na kusoma mapato yake nchi kwa nchi, je, ndiyo naona wateja wake wako wapi?"

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine hapana, na jibu limo katika sentensi moja ndogo iliyo juu au chini ya jedwali lenyewe. Sentensi hiyo inaeleza kampuni imetumia kigezo gani kuamua kwamba mauzo fulani ni ya nchi fulani.

Mimi niliiruka kwa muda mrefu. Nilijua tu kwamba makao makuu hayasemi mengi. Nestle ni kampuni ya Uswisi, lakini Uswisi yenyewe huipatia karibu asilimia 1 tu ya mauzo yake. Basi nikadhani jedwali la mapato ndilo linalomaliza ubishi: penye tarakimu kubwa ndipo penye wanunuzi. Kilichonitoa kwenye dhana hiyo ni ripoti ya Nvidia, wabunifu wa chipu kutoka California, ya mwaka wao wa fedha wa 2025, uliofungwa mwisho wa Januari 2025.

Mapato yote yalikuwa dola bilioni 130.5. Marekani ilikuwa ya kwanza kwa bilioni 61.3. Ya pili, mbele ya Taiwani na mbele ya China, ilikuwa Singapuri: bilioni 23.7, yaani asilimia 18 ya kila kitu. Nchi yenye watu wasiofika milioni 7 imenunua chipu kuliko China? Nilipoiona mara ya kwanza nilianza kujitungia maelezo: pengine wanajenga vituo vya data kwa kasi, pengine wananunua kwa niaba ya majirani. Maelezo yote mawili yalikuwa ya bure, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshaandika jibu palepale. Mapato yalipangwa kwa kufuata mahali ankara inapopelekwa. Wateja, ripoti inasema, hukusanya ankara zao Singapuri, ilhali bidhaa karibu kila mara hupelekwa kwingine. Bidhaa zilizosafirishwa hadi Singapuri kwenyewe hazikufika asilimia 2 ya mapato ya mwaka.

Piga hesabu uone ukubwa wa pengo. Asilimia 2 ya bilioni 130.5 ni bilioni 2.6. Kwa hiyo katika ile bilioni 23.7, zaidi ya bilioni 21 ni chipu ambazo hazikutua Singapuri. Wala hakuna udanganyifu hapo. Tarakimu ni sahihi. Msomaji ndiye aliyeisomea swali ambalo haikuulizwa.

Ili kuona jinsi hili linavyotokea, chukua godoro moja. Dada anaishi mji wa kwanza, naye ndiye mwenye fedha na ndiye aliyeamua linunuliwe. Kaka yake yuko mji wa pili. Yeye ndiye anayepokea ankara na kulipa, kwa kuwa familia imemkabidhi malipo yote. Godoro linashushwa mji wa tatu, nyumbani kwa mama. Sasa mwenye duka aandike ameuza wapi? Akitaka kujua mwamuzi ni nani, ataandika mji wa kwanza. Akitaka kujua amdai nani fedha zikichelewa, ataandika wa pili. Akitaka kujua magodoro yanalaliwa wapi, ataandika wa tatu. Majibu yote matatu ni ya kweli, na godoro ni lilelile.

Kampuni kubwa nazo zina njia hizohizo: makao makuu ya mteja, anwani ya ankara, au mahali mzigo unapofika. Baadhi huongeza ya nne, yaani mahali ilipo kampuni tanzu iliyofanya mauzo, sawa na mwenye duka kuandika tawi lake mwenyewe badala ya mji wa mteja. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia jambo hili, IFRS 8, kinadai mapato kutoka kwa wateja wa nje ya kundi yatenganishwe kati ya nchi ya nyumbani na nchi za nje, na nchi yoyote ya kigeni yenye uzito itajwe peke yake. Lakini hakichagui kigezo. Kinasema tu kampuni iliyotumia kigezo fulani ikitaje.

Matokeo yake ni jambo ambalo bado linanivutia kila ninapolifikiria. Chipu nyingi za Nvidia za mwaka huo zilitengenezwa na TSMC ya Taiwani. TSMC hugawa mapato yake hasa kwa makao makuu ya mteja, ndiyo maana mwaka 2024 Amerika Kaskazini ilichukua takriban asilimia 70 ya mapato yake. Fuata chipu moja. Inatoka kiwandani Taiwani, na kwenye vitabu vya TSMC imeuzwa Amerika Kaskazini, hata kama haijavuka bahari. Kisha Nvidia inaiuza kwa mteja anayepokelea ankara Singapuri, nayo, kwa kigezo cha ripoti ya mwaka huo, inahesabiwa Singapuri. Mwishowe inaweza kufungwa ndani ya seva iliyo nchi nyingine kabisa. Atakayejumlisha majedwali ya kampuni hizi mbili akidhani yanapima kitu kimoja atapata ramani ya nchi isiyokuwepo.

Agosti 2025 Nvidia iliongeza maelezo yaliyoninyoosha zaidi. Katika robo mwaka iliyofungwa mwisho wa Julai Singapuri ilikuwa imefika asilimia 22 ya mapato kwa ankara, na kampuni ikasema zaidi ya asilimia 99 ya mapato ya chipu za vituo vya data yaliyoankariwa huko yalikuwa ya wateja wenye makao Marekani. Kwa hiyo aliyeogopa kwamba kampuni inategemea Asia ya Kusini-Mashariki kupita kiasi alikuwa akiogopa upande usio wenyewe. Utegemezi wa kweli ulikuwa kwa wateja wachache wa Marekani.

Hata mahali mzigo unapofika hapamalizi safari. Chipu ikipelekwa kwa mwunganishaji wa seva, huyo naye ataiuza mbele, na muuzaji wa kwanza huenda asijue itawashwa wapi. Majina ya maeneo nayo yana ukubwa wao: kwenye ripoti za Apple, "Ulaya" inajumuisha India, Mashariki ya Kati na Afrika, hivyo kupanda kwa mauzo ya "Ulaya" kunaweza kuwa habari ya Mumbai.

Kwa ripoti za Kiingereza, mimi sasa hutafuta maneno kabla ya tarakimu. Naandika `billing location` kwenye kisanduku cha kutafutia, nikikosa naandika `headquarters`, kisha `shipped`. Moja kati ya hayo kwa kawaida hunifikisha kwenye sentensi ninayoitaka, katika maelezo ya hesabu yanayohusu sehemu za biashara na maeneo. Nikishaipata, ndipo ninaposoma jedwali. Na ninapolinganisha na mwaka uliotangulia, naitafuta sentensi ileile kwenye ripoti ya zamani pia, maana kigezo kikibadilishwa, nchi inaweza kupanda au kushuka bila hata mteja mmoja kuhama.